Maneno Matatu, Jioni Nzima

Anayewajua Warumi vizuri naomba anieleze: nani aliwashauri waziweke habari zote muhimu mkiani mwa neno? Sisi tunaziweka mbele, mchana kweupe. Mtu akianza tu kusema "wana...", kabla hata hajamalizia, ushajua kuna watu, ni wengi, na shughuli inaendelea sasa hivi. Mrumi hana haraka na wewe. Anakuachia usome neno lote, ulizoee, ulipende, ndipo kwenye herufi mbili za mwisho akwambie kwamba huyo uliyemdhania mtendaji ndiye aliyetendwa.

Mimi nimeingizwa kwenye mambo haya na kwaya. Parokiani kwetu sikukuu kubwa tunaimba Misa ya Kilatini, na tumeimba kwa miaka mingi, sauti nne, mishipa ya shingo imetutoka, bila kujua tunamwambia Mungu nini. Wazee wanasema hilo si jipya. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965, Misa ilikuwa kwa lugha hiyo, na babu na bibi zetu waliitikia kwa kukariri. Sasa kuna padre mstaafu, aliyewahi kufundisha Kilatini seminari, akajitolea kutukalisha Jumamosi jioni baada ya mazoezi. Nilidhani atatugawia tafsiri, tuzikariri, twende tukale. Kumbe mzee alikuwa na rula.

Rula ilikuwa ya kuchorea jedwali. Kila mmoja afungue daftari kubwa, apige mistari ya kusimama, apate vyumba sita. Chumba cha kwanza ni cha neno lenyewe. Cha pili, ni aina gani ya neno. Cha tatu, linaandikwaje kwenye kamusi. Cha nne, mkia wake unasema nini. Cha tano, lina kazi gani ndani ya sentensi. Halafu huko ukutani kabisa, kwenye nafasi iliyobaki, kinabanwa chumba chembamba cha tafsiri. Ukijaza cha sita kabla ya vingine, Padre anakikata kwa kalamu nyekundu. Iwe sahihi, isiwe sahihi, anakata. Anasema tafsiri uliyoikisia ni ya kuokota, na mali ya kuokota haina mwenyewe.

Sentensi ya kwanza ilikuwa na maneno matatu tu. Padre akaandika ubaoni: *Pastorem lupus timet*. Pembeni akatupa maana: *pastor* ni mchungaji, *lupus* ni mbwa mwitu, *timeo* ni naogopa.

Mwenzetu mmoja wa besi, fundi magari, hakuona sababu ya kupiga mistari. "Mchungaji anamwogopa mbwa mwitu," akasema, tayari anafunika kalamu.

"Umechambua, baba?"

"Padre, hapo kuna kuchambua gani? Mchungaji yupo, mbwa mwitu yupo, woga upo. Nani asiyejua nani anamwogopa nani?"

"Chambua."

Tukachambua. *Pastorem* kwenye kamusi huwezi kulipata, utalipata *pastor, pastoris*. Kamusi ya Kilatini hutoa nomino kwa maumbo mawili: la mtenda, yaani nominativo, na la mwenye mali, yaani genitivo. Hilo la pili ndilo kitambulisho. Nomino zao ziko katika makundi matano, na genitivo ya umoja ndiyo inayotaja kundi: ikiishia *-ae* ni la kwanza, *-i* la pili, *-is* la tatu, *-us* la nne, *-ei* la tano. *Pastoris* ina *-is*, basi ni kundi la tatu. Ondoa hiyo *-is*, shina linabaki *pastor-*. Sasa rudi kwenye sentensi: shina limevaa *-em*. Katika kundi la tatu *-em* ni akuzativo ya umoja, umbo la anayepokea tendo. Kwa hiyo mchungaji, pamoja na kukaa mbele kama mgeni rasmi, ndiye anayetendwa.

*Lupus, lupi*: kundi la pili, *-us*, nominativo, umoja. Huyu ndiye mtenda. *Timet* inatoka *timeo, timere*, na ile *-t* ya mwisho ni nafsi ya tatu umoja, yeye. Wakati uliopo. Hesabu ikajifunga: mbwa mwitu anamwogopa mchungaji.

Fundi akakaa akiitazama sentensi kama gari lililoletwa bila injini. "Padre, huyo mbwa mwitu ni wa wapi?"

"Wa kwenye zoezi."

Lakini kilichoniudhi zaidi ni kilichofuata. Padre akayafuta maneno, akayapanga upya: *Lupus pastorem timet*. Akayapanga tena: *Timet pastorem lupus*. Maneno matatu yanapangika kwa namna sita, na kwa namna zote sita mwoga ni yuleyule. Kinachohama ni mkazo tu. Kwetu ukifanya hivyo umeharibu habari. Katika "mchungaji anamwogopa mbwa mwitu", ile *a-* inaweza kuwa ya mchungaji au ya mbwa mwitu, na *-m-* vilevile, kwa kuwa wote wawili ni viumbe, wote ni mmoja mmoja. Kinachotuokoa ni nani katangulia. Ndiyo maana fundi hakukosea kwa uvivu. Alisoma Kilatini kwa macho ya Mswahili, akamtafuta mtenda mlangoni kumbe mwenzake kaingilia uani. Nilimtetea hivyo kwa sauti. Padre akaniambia maelezo yangu ni mazuri na akauliza chumba changu cha tano mbona kitupu.

Sasa, kama kila mkia ungekuwa na kazi yake moja, mimi ningenyamaza. Ningekariri, ningejaza vyumba, ningeenda nyumbani. Tatizo la Warumi ni ubahili. Mikia ilikuwa michache, wakaamua igawane kazi. Chukua *-us*. Ukiiona kwenye *lupus* ni mtenda, umoja, kundi la pili. Iko pia kwenye *corpus*, mwili, lakini hilo ni kundi la tatu, genitivo yake *corporis*, na kwa kuwa halina jinsi, si la kiume wala la kike, umbo hilohilo ni la mtenda na la mtendwa. Iko kwenye *manus*, mkono, kundi la nne, neno la kike juu ya hayo, ambalo genitivo yake nayo ni *manus*, ila *u* inavutwa kidogo. Vitabu vya mazoezi huweka kistari juu ya irabu ndefu ili kukuonea huruma. Kitabu cha nyimbo tunachoimbia hakina huruma hiyo.

Kwa hiyo mkia haukupi jibu. Unakutajia washukiwa, halafu wewe ndiye polisi. Ndiyo maana ya vile vyumba vitatu vya katikati, na nakiri kwa shingo upande kwamba vina akili. Cha kamusi kinakwambia kundi, kundi linapunguza washukiwa, na kitenzi kinamkamata aliyebaki. Ukiruka chumba cha kamusi, utaiona *-a* mwishoni mwa *bella* na kufikiri ni msichana mmoja mrembo, kumbe ni *bellum, belli*, na umeshikilia vita, tena vingi.

Hapo nikafanya kile anachofanya kila mtu mzima aliyekasirishwa na somo: nikaenda kutafuta kitabu changu. Nikakipata kwenye meza ya vitabu vya mtumba, cha Kiingereza, jalada limeoza kidogo. Nikajifungia, nikakariri *rosa*, waridi: *rosa, rosa, rosam, rosae, rosae, rosa*. Jumamosi nikafika kifua mbele. Padre akasema tuimbe wote pamoja, maana yeye huamini kitu kisichoimbika hakikai. Wenzangu wakaanza: *rosa, rosae, rosae, rosam, rosa, rosa*. Mimi nikaendelea na yangu. Tuligongana kwenye neno la pili na hatukukutana tena mpaka la mwisho.

Kumbe Waingereza wana mpangilio wao. Padre alifundishwa mpangilio wa zamani: nominativo, genitivo, dativo, akuzativo, vokativo, ablativo. Yaani mtenda, mwenye mali, mpewa, mtendwa, anayeitwa, kisha yule wa "kwa, na, kutoka". Huko Uingereza mwalimu mmoja, Benjamin Hall Kennedy, ambaye kitabu chake cha mwaka 1888 kilitawala shule zao, aliwapanga upya: mtenda, anayeitwa, mtendwa, mwenye mali, mpewa, halafu ablativo. Sababu yake haikuwa ya kijinga. Alitaka maumbo yanayofanana yakae jirani, *rosae* ya mwenye mali ifuatane na *rosae* ya mpewa, nayo *bellum* ijirudie mara tatu mfululizo bila kuingiliwa na mtu. Padre wetu anaujua mpangilio huo, naye hupangia hivyohivyo *rosae* zake mbili, lakini hana mpango wa kuhama katika umri wake. Mimi ndiye niliyetakiwa kuhama. Mpaka leo nikiulizwa akuzativo naanza kuhesabu kwa vidole, mkono wa kulia kwa kitabu changu, wa kushoto kwa Padre.

Nilijipa moyo kwamba kwenye vitenzi angalau tutapumzika. Vitenzi vina mikia ya wazi kwa kulinganisha: *-o* au *-m* mimi, *-s* wewe, *-t* yeye, *-mus* sisi, *-tis* ninyi, *-nt* wao. Hata mwenzetu wa sauti ya pili anayesinzia aliishika siku moja. Ila wakati na nia ya tendo havikai kwenye mkia huo. Vinakaa kwenye irabu iliyo nyuma yake kidogo, na hapo ndipo nilipoanza kuwakumbuka Wabantu wenzangu kwa mapenzi.

Sisi tukitaka kumzungumzia mfalme tunasema anatawala, atatawala, atawale. Mtu hahitaji darasa. Mrumi anasema *regit*, *reget*, *regat*. Irabu moja tu imepinda, na ufalme wote umebadilika kutoka wa leo kwenda wa kesho, kisha kwenda wa kutakiana. Haya, nikasema, ni irabu tatu, nitazikariri: *i* ya sasa, *e* ya kesho, *a* ya kutakia.

Mama mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hapendi kanuni isiyofanya kazi mara mbili, akajaribu kuitumia kwenye zoezi. Akakutana na *monet*. Kuna *e*, basi ni kesho: "ataonya". Padre akatikisa kichwa. *Monet* ni "anaonya", sasa hivi. Akakutana na *amet*. Kuna *e*, basi kama si kesho ni sasa: "anapenda". Padre akatikisa tena. *Amet* ni "apende".

"Padre," yule mama akasema, polepole, kama anayezungumza na mwanafunzi aliyegawa kwa sifuri, "mkia uleule, *-et*. Mmoja sasa, mmoja kesho, mmoja kutakia. Kanuni iko wapi?"

Kanuni, akasema Padre, iko chumba cha tatu, mlichokiacha wazi. Vitenzi navyo vina makundi, manne, na kila kundi lina irabu yake ya nyumbani. *Amo, amare*: kundi la kwanza, nyumbani kwake ni *a*, kwa hiyo *amat* ni anapenda, na ukiiona *e* ujue katoka nje ya nyumba, ni kutakia. *Moneo, monere*: kundi la pili, nyumbani kwake ndiyo hiyo *e*, kwa hiyo *monet* katulia, ni sasa, na akitaka kutakia anachukua *a* ya ziada: *moneat*. *Rego, regere*: kundi la tatu, sasa yake ni *i*, na *e* akaifanya kesho. Wingi unafuata nyayo hizohizo: *monent* ni wanaonya, lakini *regent* ni watatawala, maana "wanatawala" wenyewe ni *regunt*.

Mwalimu wa hesabu akaandika kwa haraka, kisha kalamu ikasimama. *Monere*, *regere*. Yote yanaishia *-ere*. Atajuaje lipi la pili na lipi la tatu? Hilo ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa chumba kile, na mimi nilikuwa nalo ila niliacha wakubwa watangulie. Jibu ni kwamba *e* ya *monere* inavutwa na ya *regere* inakatwa, na kama kitabu hakina vistari, unaangalia umbo la mimi: *moneo* inaionyesha *e* yake, *rego* haina. Ndiyo maana kamusi inaanza na "mimi" na ndiyo maana Padre hakubali chumba cha tatu kiwe na neno moja peke yake. Ukiandika *regere* tu bila *rego*, anakata.

Tuseme ukweli, baada ya hapo kasi iliongezeka kidogo. Tukajifunza kutafuta kitenzi kwanza, popote kilipojificha, kukiangalia kama kina *-t* au *-nt*, kisha kurudi kumsaka mtenda wa idadi hiyo. Tukakutana na *agricola*, mkulima, na *nauta*, baharia: wamo kundi la kwanza, wamevaa *-a* ya kike, lakini ni wanaume na kivumishi chao kinavaa kiume, *nauta bonus*. Hilo halikumsumbua mtu. Watu wanaosema "kijana mwema" badala ya "kijana chema" hawawezi kushangazwa na baharia.

Ndipo Jumamosi moja, mvua inanyesha, umeme unakatika na kurudi, Padre akaandika: *Agricolae filiae rosas dant*. Mkulima, binti, waridi, kutoa.

Sasa sisi si wale wa mbwa mwitu. Fundi mwenyewe alianza na kitenzi. *Dant*, kutoka *do, dare*: *-nt*, wao, wanatoa. *Rosas*: kundi la kwanza, *-as*, akuzativo ya wingi, haina kazi nyingine yoyote, Mungu aibariki. Kinachotolewa ni mawaridi. Bado wawili. *Agricolae*: *-ae*. Hapo inaweza kuwa "ya mkulima", inaweza kuwa "kwa mkulima", inaweza kuwa "wakulima", inaweza kuwa "enyi wakulima". *Filiae*: *-ae*. Vilevile, zote nne.

Kitenzi kinataka mtenda wa wingi. Fundi akasema: wakulima wanampa binti mawaridi. Vyumba sita vimejaa, hakuna aliyeweza kumkosoa. Mwalimu wa hesabu akasema: hapana, mabinti wanampa mkulima mawaridi. Vyumba vyake navyo vimejaa. Mimi nikaona ni mabinti wa mkulima wanaotoa mawaridi, hatujaambiwa wanampa nani, na hainihusu. Yule anayesinzia akafumbua macho akasema kwamba mtenda si lazima atajwe, maana yumo ndani ya *dant*: basi ni watu fulani wanaompa binti wa mkulima mawaridi. Akafumba tena.

Tukamgeukia Padre, kila mmoja na jedwali lake, tunasubiri kalamu nyekundu. Akazisoma zote nne kwa utaratibu wa mtu mwenye pensheni. Akasema sentensi ikiwa peke yake, bila inayoitangulia wala inayoifuata, zote zinasimama. Kungekuwa na mkulima mmoja, *agricola filiae rosas dat*, tungekaribia kujua. Na wanaopewa wangekuwa mabinti wengi, tungejua kabisa, kwa sababu hapo Warumi walikuwa na umbo maalumu, *filiabus*. *Filiis* ya kawaida ilikuwa haitenganishi mabinti na wana wa kiume, wakaona aibu, wakatengeneza jingine.

"Kumbe wakitaka wanaweza," nikasema.

Padre hakunijibu. "Andikeni zote nne," akasema. "Kila moja na jedwali lake. Wiki ijayo."

"Padre," fundi akalalamika, "mpaka tumalize majedwali manne, hayo mawaridi yatakuwa yamenyauka."

Mzee akawaka uso mzima. Akachukua chaki, akaandika chini ya ile sentensi: *Rosae marcescent*. Akatuambia *marcesco, marcescere*, kunyauka, kisha akakaa. Mwalimu wa hesabu akaangalia umbo la mimi, akaona halina *e*, akaangalia ile *-ent*, akajaza chumba cha tatu, cha nne, cha tano, na mwisho ukutani kule akaandika kwa herufi ndogo: bado hayajanyauka, yatanyauka.